Ramani ya sabuni iliyonipa 9 kati ya 20

Juzi kuna mdogo wangu wa mwaka wa pili kaniandikia, "Shikamoo kaka, tumepewa asaimenti ya kuchora ramani ya chapa zinazoshindana, naomba yako nikopi." Nikacheka kwa uchungu, maana ya kwangu ya kwanza ilinipa 9 kati ya 20 na mpaka leo inaniuma.

Ramani yenyewe ni mchoro wa mistari miwili, kila chapa inapewa kidoti kulingana na wateja wanavyoiona, halafu unatafuta pengo, sehemu ambayo wateja wanaitaka ila hakuna chapa iliyokaa. Nilichagua sabuni za unga 6 za pale kwa mangi. Mstari wa kulala nikaweka bei, wa kusimama ubora, nikajifungia gheto nikapanga vidoti kwa akili zangu mwenyewe. Vyote vikajipanga mshazari, kutoka kona ya chini kushoto mpaka juu kulia, ile ya juu kushoto tupu kabisa. Nikaandika kwa mbwembwe: pengo ni sabuni bora ya bei chee! Mwalimu akaandika pembeni, "Nani hataki hiyo?"

Alikuwa sahihi, ingawa angeweza kusema kistaarabu. Watu wakiona bei juu wanaamini na ubora uko juu, kwa hiyo ile mistari miwili ilikuwa inapima kitu kimoja. Ukipanga chapa zako kwa mstari wa kwanza, halafu kwa wa pili, foleni ikatoka ileile, tupa mstari mmoja.

Nikarudia. Safari hii nikawafuata kinamama 30 wanaofua kwa mikono, nikawauliza kwanza wanaangalia nini kwenye sabuni. Povu, na kutochubua vidole. Ubora hata hakuna aliyeutaja! Basi kila mmoja akaipa kila sabuni aliyowahi kutumia 1 mpaka 7 kwa povu, 1 mpaka 7 kwa upole, asiyoijua anairuka, nikatafuta wastani nikachora. Vidoti vikatawanyika vizuri, na kona ya povu dogo na upole mwingi ikabaki wazi.

Hapa ndo wengi mnapotea, mnaona uwazi mnashangilia. Nilikuwa nimewauliza pia sabuni ya ndoto yako ungeipa ngapi ngapi, nikachora na hizo kwa alama ya msalaba. Kwenye ile kona hakukuwa na msalaba hata mmoja. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, povu likikata najua nimeibiwa, naongeza sabuni." Misalaba mingi ilijazana povu jingi, upole mwingi, na sabuni iliyokuwa karibu na hapo ni moja tu, nayo ilikuwa na 4 ya upole. Pengo lilikuwa hapo, tena ni la hao 30 wa mtaa wetu, wenye mashine wangeweza kulikimbia povu.

Acheni uvivu, tokeni gheto mkaulize watu. Dogo nimemwambia hivyohivyo, ramani sikumtumia. Ameshasoma, tiki mbili za bluu, kimya.