Tangazo la makoti ya mvua hutumwa jana yake

Wewe unayeanza kuuza makoti ya mvua na gambuti, nikuambie kosa lililonigharimu msimu wangu wa kwanza. Nilingoja mvua inyeshe ndipo nikatangaza punguzo. Oda zilimiminika, lakini pikipiki ya kupeleka mizigo ikakwama kwenye tope hadi jioni. Makoti yakafika kesho yake jua likiwaka, na wateja kadhaa wakayakataa mlangoni.

Siku hizi naangalia utabiri wa hali ya hewa kila alasiri, na naamini zaidi ule wa siku moja au mbili mbele. Wa wiki nzima unanisaidia kupanga mzigo tu. Kukiwa na uwezekano wa mvua wa asilimia 30, nanyamaza, maana ukitangaza mvua isiyokuja mara mbili tatu, watu wanaacha kufungua ujumbe wako. Ukifika 70 na mvua inatarajiwa asubuhi, natuma jana yake saa kumi jioni, mteja akiwa bado njiani na anaweza kupitia dukani. Punguzo nalitoa kabla msimu haujaanza. Siku ya mvua mteja hatafuti bei ya chini, anataka kujua kama saizi yake ipo na ataipataje.

Ujumbe wenyewe uandike kulingana na barabara anayopita mteja. Anayetembea kwenye tope anahitaji gambuti ndefu na koti jepesi. Mwenye pikipiki ni habari nyingine: maji ya juu yanasukumwa na upepo, ya chini yanarushwa na tairi, kisha yanatuama mapajani alipokaa. Koti peke yake halimtoshi, na poncho inapepea hadi inaweza kunaswa na gurudumu. Muuzie suti ya koti na suruali yenye mikanda inayong'aa, saizi moja zaidi ili aivae juu ya nguo. Mwelekeze suruali ishukie nje ya gambuti, kwani akiichomeka ndani maji yote yanateremka miguuni.

Ujumbe wangu mmoja ulisomeka hivi: "Kesho asubuhi mvua inatarajiwa. Unaendesha pikipiki kwenye barabara ya tope? Suti za saizi L na XL zipo. Pitia leo kabla ya saa mbili usiku." Basi. Hauna picha ya mawingu wala maneno matamu.

Kabla ya kuandika kwamba suti haipitishi maji, igeuze ndani nje uangalie mishono, hasa wa katikati ya miguu. Mshono salama umefunikwa kwa utepe uliogandishwa. Kisha kunja sehemu yenye mshono iwe kama mfuko, mimina humo maji kikombe kimoja, uushike dakika kumi juu ya karatasi kavu. Karatasi ikilowa, suti hiyo ni ya manyunyu tu, nawe mwambie mteja hivyo kabla hajalipa.