Alama ya kutoa haibandikwi mwishoni

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza,

Wiki hii nimesahihisha mazoezi yenu ya kasi zinazohusiana, na katika karatasi nyingi nimekuta jambo moja: hesabu imefanywa kwa namba chanya tupu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kisha kushoto mwa jibu pamechomekwa alama ya kutoa kwa wino wa rangi nyingine, kwa sababu mhusika alikumbuka baadaye kwamba kitu kinachozungumzwa kilikuwa kinapungua. Ninawapenda, na ndiyo maana imenikera, kwani njia hiyo ninaijua ilikotoka na ninajua inakowapeleka.

1. Kabla ya kudifarenshieti, andika kigeu chako kinapimwa kutoka wapi kuelekea wapi. Chukua lile tangi la umbo la koni lililosimamishwa kwa ncha yake, kina chake mita 3 na nusukipenyo cha mdomo wake mita 1.5. Kwa pembetatu zinazofanana, nusukipenyo cha uso wa maji ni nusu ya kina cha maji, h, kwa hiyo V = πh³/12, na dV/dt = (πh²/4)(dh/dt). Maji yanatolewa kwa mita za ujazo 0.2 kila dakika. Maji yaliyomo ndiyo V, nayo yanapungua, basi dV/dt = −0.2 tangu pale unapoandika yaliyotolewa na swali, si baadaye. Kina kikiwa mita 2, dh/dt = −0.2/π, yaani takriban −0.064, sawa na sentimita 6.4 kwa dakika kuelekea chini.

Mmoja wenu alipima kutoka mdomo wa tangi hadi kwenye uso wa maji, akapata +0.064, akakata jibu lake kwa kudhani limekosewa. Halikukosewa. Alichopima ni nafasi tupu ya juu, na nafasi hiyo inaongezeka maji yanaposhuka. Alama hufuata kigeu ulichokichagua. Neno «yanapungua» katika swali haliwezi kukuamulia alama kabla hujasema ni kitu gani umekiita h.

2. Usifanye hesabu yote kwa chanya ukitegemea kusahihisha alama mwishoni. Hapa sina budi kusimulia kosa langu, kwa sababu kanuni hii mbovu niliwahi kuifundisha mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza wa kuendesha semina, katika chuo kimoja hapa Dodoma, niliona wanafunzi wanahangaika na alama hasi, nikataka kuwarahisishia. Niliandika ubaoni, nikapigia mstari: «Fanya hesabu kwa namba chanya; kitu kikiwa kinapungua, weka alama ya kutoa kwenye jibu.» Nililijaribu jambo hilo kwa tangi, likakubali. Nikalijaribu kwa puto linalovuja, likakubali tena. Sikujiuliza kwa nini linakubali. Ukweli ni kwamba katika maswali hayo kuna kasi moja tu inayoingia upande wa pili wa mlinganyo, ikizidishwa na kitu kilicho chanya, kwa hiyo alama inapita moja kwa moja hadi kwenye jibu, na ukiichelewesha hakuna kinachoharibika isipokuwa maandishi.

Likaja jaribio, nalo lilikuwa na swali la magari mawili. Nitalieleza kwa barabara tunazozijua, nikizichukulia kuwa zimenyooka na zinakutana kwa pembe mraba. Gari dogo linatoka upande wa Kondoa kuja mjini, liko kilomita 6 kutoka makutano, mwendo wake kilomita 60 kwa saa. Lori linatoka makutano kuelekea upande wa Morogoro, limeshafika kilomita 8, mwendo wake kilomita 50 kwa saa. Umbali kati yao unabadilika kwa kasi gani wakati huo?

Kwa kanuni ya Paithagorasi, z² = x² + y², ambapo x ni umbali wa gari dogo hadi makutano, y ni wa lori, na z ni umbali kati yao; kwa sasa z ni kilomita 10. Tukidifarenshieti kwa kufuata muda na kufuta 2, tunapata z(dz/dt) = x(dx/dt) + y(dy/dt). Umbali wa gari dogo hadi makutano unapungua, kwa hiyo dx/dt = −60; wa lori unaongezeka, kwa hiyo dy/dt = +50. Basi 10(dz/dt) = −360 + 400 = 40, na dz/dt ni kilomita 4 kwa saa. Yanaachana, tena polepole.

Wanafunzi wangu waliandika 360 + 400 = 760, wakapata 76. Baadhi wakaiacha hivyo, wengine wakaweka −76 kwa kuwa gari moja lilikuwa linakaribia. Hakuna alama yoyote utakayoibandika kwenye 76 ikageuka kuwa 4. Kasi mbili zinapojumlishwa, alama iliyokosewa mwanzoni inaharibu namba yenyewe, na ikishaharibika haina dawa mwishoni.

Msichana mmoja alinifuata baada ya karatasi kurudishwa. Alifungua daftari lake la semina, akaweka kidole juu ya ile sentensi yangu, iliyopigiwa mstari vilevile kama nilivyofanya ubaoni, akasema kwa adabu kabisa: «Mwalimu, shikamoo. Nilifuata hii.» Alikuwa ameinakili bila kukosea hata neno. Nilimwomba radhi, na semina iliyofuata nikaomba radhi mbele ya wote, nikaifuta kanuni hiyo kwa kuwaonyesha swali lenyewe. Lakini alama za jaribio zilikuwa zimeshaingizwa, nazo hazikubadilika. Kila nikiona alama ya kutoa iliyochomekwa kwa wino mwingine ninakiona kile kidole.

3. Usiingize kina cha sasa kabla ya kudifarenshieti, maana kitakuwa namba isiyobadilika na kasi yake itakuwa sifuri.

4. Jibu lako la maneno lisikanushe mara mbili. Ukiulizwa «kina kinashuka kwa kasi gani», neno «kinashuka» limeshabeba alama: jibu ni mita 0.064 kwa dakika. Ukiulizwa dh/dt, jibu ni −0.064. Ukiandika «kinashuka kwa −0.064», umesema kinapanda.

5. Hakiki kwa kusogeza muda kidogo. Katika swali la magari, acha ipite sehemu moja ya elfu ya saa, yaani sekunde 3.6. Gari dogo litakuwa kilomita 5.94 kutoka makutano na lori kilomita 8.05. Miraba yake ikijumlishwa inatoa 100.0861, na kipeo chake cha pili ni takriban 10.0043. Umbali umeongezeka kwa 0.0043, sawa na kilomita 4.3 kwa saa, jirani kabisa na 4, ile 0.3 imezidi kwa sababu kasi yenyewe inabadilika ndani ya hizo sekunde. Kama 76 ingekuwa kweli, ungekuta karibu 10.076. Kikokotoo kinamaliza kazi hiyo kabla msimamizi hajafika dawati la pili.

Sasa rudia swali hilo mara mbili, ukibadilisha mwendo wa lori peke yake. Ukiufanya kilomita 45 kwa saa, −360 + 360 inatoa sifuri, na kwa nukta hiyo magari hayaachani wala hayakaribiani. Ukiufanya 40, unapata −4, nayo yanakaribiana. Maneno ya swali hayakubadilika hata kidogo: gari moja bado linakuja, jingine bado linakwenda. Nileteeni karatasi hizo Jumatatu, zikiwa na dx/dt = −60 kwenye mstari wa kwanza, kwa wino uleule wa hesabu nyingine.