Nilimwita mwizi kwenye grupu, sasa wakili wake ananidai

"Shangazi shikamoo. Kuna dada nilimkopesha hela, mwaka mzima ananizungusha tu. Juzi hasira zikanipanda nikaandika kwenye grupu la wasap la wazazi wa darasa la mwanangu: 'jihadharini na mama fulani wa humu, ni mwizi na tapeli'. Jina sikutaja. Nikaifuta baada ya dakika chache. Leo nimepata barua ya wakili wake, anataka niombe radhi na nimlipe fidia. Shangazi, mimi nimesema ukweli mtupu, na yeye si staa wala mwanasiasa, ni mtu wa kawaida tu. Ana kesi kweli?"

Marahaba mwanangu. Anayo, tena usiichukulie poa.

Hiyo ya kufuta haikuokoi. Kwenye sheria ya kashfa, kuchapisha siyo lazima gazeti wala redio, inatosha maneno yafike kwa mtu mmoja mwingine zaidi yako na yule unayemsema, na ayaelewe. Ungemtumia yeye peke yake inboksi ukamwita mwizi mara mia, hapo hakuna uchapishaji, ni matusi yenu wawili. Lakini grupu la wazazi, hata kama waliosoma ni watatu kabla hujafuta, tayari imechapishwa, na nina hakika kuna aliyepiga skrinshoti, maana magrupu nayajua. Kufuta mapema kunasaidia kupunguza fidia tu. Na jina kutolitaja nako si kinga, kama wenzako waliposoma walijua moja kwa moja ni nani basi umemtaja.

Sasa tuje kwenye ukweli, maana hapa ndipo unapojidanganya. Ni kweli ukweli ni utetezi mzito, kwenye kesi ya madai ukiuthibitisha kwa kawaida mwenzio anatoka mikono mitupu. Ila unathibitisha kitu gani? Siyo kwamba anakudai au unamdai, unathibitisha yale maneno uliyoyaandika kwa maana ambayo msomaji wa kawaida ataipata. Mwizi ni mtu aliyechukua cha mtu bila ridhaa, wewe ulimpa hela kwa mkono wako mwenyewe. Tapeli ni mtu aliyekudanganya tangu mwanzo akijua hatalipa. Ulicho nacho mkononi ni mkopo ambao haujalipwa, basi, na watu wazuri kabisa wanashindwa kulipa madeni kila siku. Ungeandika "nilimkopesha, mwaka umepita hajanilipa" ukawa na meseji zake za kuomba na muamala wa kumtumia, ningekuwa nalala usingizi kwa niaba yako.

Mahakama haidai kila nukta iwe sawa. Kuna kesi ya zamani ya Uingereza, mwaka 1865, shirika la reli lilibandika tangazo kwamba abiria fulani alipigwa faini na asipolipa ni jela wiki 3, kumbe ilikuwa siku 14. Mahakama ikasema tangazo linaweza bado kuhesabika kweli kwa uzito wake, kosa la siku chache halibadilishi picha. Lakini deni kuwa wizi, mwanangu, hapo picha yote imebadilika. Na usije ukajitetea eti "hata wengine wanasema hivyo", ukirudia uvumi unabeba mzigo kama wewe ndiye uliyeuanzisha.

Kuhusu yeye kuwa mtu wa kawaida, umeielewa kichwa chini miguu juu. Ni watu maarufu ndio wanaopata shida kushtaki. Marekani kwa mfano, tangu 1964 kiongozi wa umma lazima aonyeshe ulijua unadanganya au hukujali kabisa, na mwaka 1974 mahakama yao kuu ikasema mtu binafsi hahitaji kufika huko, uzembe wako unaweza kutosha. Kwenye nchi nyingi zinazofuata sheria ya Kiingereza ni kali zaidi kwako, maneno yanahesabika uongo mpaka wewe uyathibitishe. Na huwezi hata kusema ulikuwa unawaonya umma, deni lenu la watu wawili wazazi wa darasa linawahusu nini?

Kwa hiyo usimjibu huyo wakili kwa hasira, hasa usiandike "nina ushahidi ni mwizi", maana ukishikilia shutuma ukashindwa kuithibitisha fidia inapanda. Tafuta wakili wako kabla siku zilizotajwa kwenye barua hazijaisha. Akikushauri kuomba radhi, iende kwenye grupu lile lile, ifute neno mwizi na tapeli waziwazi, na isiwe na "lakini" katikati. Deni lako lipo palepale, kusanya meseji na miamala ulifungulie madai yake, huko jaji atauliza tu kama ulimpa na kama amerudisha.