Usiwashe mfumo wenye md5()

Swali: "Wakuu, naandika mfumo wa wanachama wa SACCOS kwa PHP. Nywila nahifadhi kwa md5(), na tokeni ya kubadili nywila ni md5(time()). Tokeni idumu dakika ngapi, na barua pepe nizitume papo hapo au kwa foleni?"

Usiuwashe mfumo huo. Mimi niliwasha wa namna hiyo hiyo kwa duka la vipuri, na mpaka leo nikipita mtaa ule natazama chini.

Nakala ya kanzidata ilivuja kutoka kwenye folda ya chelezo niliyoiacha wazi katika seva. Nilimtuliza mwenye duka kwamba nywila zimefungwa. Kisha nikahesabu hashi zinazojirudia, na e10adc3949ba59abbe56e057f20f883e ikatokea mara 41. Hiyo ni md5 ya 123456, na yeyote akiitafuta mtandaoni anapata jibu kabla chai haijapoa. Wengi waliobaki walikuwa wametumia namba zao za simu. Tarakimu nane baada ya 07 huzaa namba milioni 100 tu, ilhali kadi ya michoro ya kuchezea gemu hukokotoa md5 mabilioni kwa sekunde. Tena kwa kuwa hapakuwa na chumvi, yaani herufi za nasibu za kila mteja zinazochanganywa na nywila kabla ya hashi, kila kisio la mwizi lililinganishwa na wateja wote kwa mpigo mmoja, na baadhi yao walikuwa wakitumia nywila hiyo hiyo kwenye barua pepe.

Yule mwalimu wa video aliyenihakikishia kwamba md5 haifunguki alisema kweli nusu: haifunguliwi, inakisiwa. Nusu ya pili aliniachia niilipie mwenyewe. (Ndiyo, nilikuwa na uzoefu wa miaka mitatu, chekeni taratibu.)

Andika hivi:

```php
$hashi = password_hash($nywila, PASSWORD_BCRYPT, ['cost' => 12]);
$sawa = password_verify($nywila, $hashi);
$tokeni = bin2hex(random_bytes(32));
```

`password_hash` humtengenezea kila mwanachama chumvi yake na kuihifadhi ndani ya hashi yenyewe, hivyo 123456 mbili hazifanani tena. Ile 12 ni mizunguko 4,096, na kila ukiongeza moja kazi huwa maradufu: mwanachama anayeingia hausikii uzito huo, anayekisia mamilioni anausikia. Safu ya kanzidata iwe VARCHAR(255), kwa maana hashi hii ina herufi 60, na ile safu ya 32 uliyoiandalia md5 inaweza kuikata kimyakimya, kisha asiingie mtu. Hata hivyo 123456 ikataeni mlangoni, kwa sababu mizunguko haiokoi nywila inayokisiwa mara ya kwanza.

Kuhusu tokeni, anayeomba kubadili nywila ya mhazini wako anaijua sekunde aliyobonyeza, kwa hiyo md5(time()) ataipata kwa majaribio machache, hata ukiipa dakika tano za uhai. Itoe kwa random_bytes, na katika kanzidata weka hash('sha256', $tokeni). Hapo hashi ya haraka inatosha, kwa kuwa baiti 32 za nasibu hazikisiki.