Jibu: wasifu wa mgombea udiwani

"Wakuu, namwandikia shemeji wasifu wa kugombea udiwani, kila nikiandika unatoka kama bango la kampeni. Nifanyeje?"

Mambo mkuu. Anza na hela za watu alizowahi kushika, hapo ndo uaminifu unaonekana. Mimi nilimwandikia jirani yangu, nikafuta "mchapakazi, mpenda maendeleo", nikaweka hivi: "Alikuwa mweka hazina wa kamati ya maji miaka 4. Kila mwezi alibandika mapato na matumizi ofisi ya kijiji. Pampu ilipokufa wiki 6, aliitisha mkutano akaeleza hela imeishia wapi." Basi. Ila usiandike "alileta maji" kama kisima kilichimbwa na halmashauri, wanakijiji wanajua na watakucheka, na kabla hujachapa wasomee wanakamati wenzake wawili.