Nakaribia kuacha kazi: kasoro za mfumo nianze kuandika ipi?

"Nimebakiza wiki tatu kazini. Bosi anataka nimwachie anayekuja maelezo ya kasoro zote za mfumo, nami nikizihesabu naona haziishi. Nianzie wapi?"

Mkuu, anza na zile zinazoonekana kama kosa kumbe ndizo zinazoshikilia nyumba. Kasoro ya wazi mwenzako ataletewa na mteja. Hizi nyingine atazirekebisha kwa nia njema, ndipo balaa lianze.

Niliwahi kupokea mfumo wa mauzo wa duka moja la jumla hapa Dar. Aliyeondoka aliacha kurasa mbili, na kuhusu ripoti ya siku aliandika "saa zinasumbua", basi. Ndani ya msimbo nikakuta hivi:

```sql
WHERE (created_at + interval '3 hours')::date = '2021-06-14'
```

Nikacheka. Nikabadilisha safu ya `created_at` iwe `timestamptz`, kisha nikaiweka kanzidata kwenye saa za `Africa/Dar_es_Salaam`, nikafuta zile saa tatu, nikaenda kula. Kumbe mstari huo ulikuwa umenakiliwa sehemu nyingine nne. Awali muda ulihifadhiwa kwa UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo nyongeza ile ilikuwa sahihi. Baada ya mkono wangu, sehemu nne zikawa zinaongeza saa tatu juu ya muda ambao tayari ni wetu, na mauzo ya kuanzia saa tatu usiku yakahamia kesho yake.

Siku nyingi duka lilifungwa saa mbili, hivyo hakuna aliyeona kitu. Ijumaa tu ndiyo lilifika saa nne. Mhasibu ndiye aliyenistua: kila Ijumaa ripoti inapungua, Jumamosi inazidi kwa kiasi kilekile. Hapo nikajua fedha haijaibwa, imehama siku.

Leo ningemwandikia mrithi hivi: "Usiguse saa tatu za ripoti mahali pamoja tu. Ziko sehemu tano, zitafute kwa amri hii. Zibadilishwe zote siku moja na aina ya safu. Ukikosea, mauzo ya usiku yataonekana kesho yake."

```
grep -rn "3 hours" .
```

Ongeza pia ulichojaribu kikashindikana, na kwa nini uliacha. Wengi hapo huona aibu wakaruka, halafu mwenzao anapoteza siku mbili kwenye njia ileile. Vitufe vilivyopinda vipe mstari mmoja, havimuui mtu.

Halafu leo hii andika `crontab -l` kwenye seva ukiwa umeingia kwa akaunti yako mwenyewe. Mimi nilipoondoka pale, nakala rudufu ya kila usiku ilikuwa ikiendeshwa kwa jina langu. Akaunti ilipofutwa ikafa kimya, na walinipigia simu siku walipoihitaji.