Kabla ya kidonge cha chini ya ulimi, pima upande wa kulia wa moyo

Nawaandikia zaidi matabibu na wauguzi wenzangu wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya huku Tabora, lakini mwenye mzazi anayeugua moyo naye asome. Kuna aina moja ya shambulio la moyo ambayo dawa mbili tulizozizoea, kidonge cha nitrati kinachowekwa chini ya ulimi na sindano ya Lasiksi, zinaweza kumwangusha mgonjwa presha ndani ya dakika chache.

Mzee mmoja mkulima wa tumbaku, miaka 61, aliletwa kwetu alfajiri na mwanawe. Usiku kucha alikuwa anatapika, anatoka jasho jembamba na kulalamika kwamba chembe ya moyo inambana. "Daktari, mzee wetu ana vidonda vya tumbo siku nyingi," kijana alianza. Mahali walikopita kwanza walishtukia kuwa ni moyo, na hapo niwape haki yao. Presha ilikuwa 118/70. Wakampa asipirini, vizuri kabisa. Wakampa kidonge cha chini ya ulimi. Halafu wakaona mishipa ya shingo imevimba, wakasema moyo umejaa maji, wakamchoma Lasiksi miligramu 40.

Alipofika kwetu presha ilikuwa 72/40, mapigo 52, mikono ya baridi na maneno yanatoka kwa taabu. Mishipa ya shingo ilikuwa bado imesimama hadi karibu na taya ingawa tulimwinua kichwa. Nikasikiliza mapafu mbele na nyuma: safi, hakuna mlio wowote wa maji. Presha ya chini, shingo iliyojaa, mapafu makavu. Ukivikuta vitatu hivyo pamoja kwa mtu mwenye shambulio la sehemu ya chini ya moyo, fikiria chumba cha chini cha kulia kabla ya kitu kingine. Donge la damu kwenye mapafu, au maji yaliyojaa kwenye mfuko wa moyo, navyo huleta sura kama hiyo, kwa hiyo usiishie kwenye shingo. Piga kipimo cha umeme wa moyo.

Karatasi yake ilionyesha mstari wa ST umepanda kwenye II, III na aVF, na kwenye III umepanda kuliko II. Kwenye aVL ulikuwa umeshuka, na V1 umenyanyuka kidogo. Hiyo III kuizidi II, pamoja na V1 iliyonyanyuka, inakuelekeza kwenye mshipa wa kulia wa moyo ulioziba karibu na chanzo chake, kabla ya matawi yanayolisha chumba cha kulia. Inakadiriwa kwamba kati ya theluthi na nusu ya mashambulio ya sehemu ya chini hukigusa chumba hicho cha kulia, ingawa si wote wanaozidiwa.

Kipimo cha kawaida hakikioni chumba hicho vizuri kwa sababu vibandiko vyote vya kifuani vimekaa katikati na kushoto. Dawa yake haina gharama. Chukua waya wa V4, uhamishie upande wa kulia: nafasi ya tano kati ya mbavu, mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Piga tena. Mashine itaendelea kuandika V4, kwa hiyo chukua kalamu uandike mwenyewe V4R, la sivyo atakayeisoma baadaye atadanganyika. ST ikipanda milimita 1 au zaidi hapo, umepata jibu. Kwa mzee wetu ilipanda kama milimita moja na nusu. Ila fanya mapema, kwa sababu kwa wagonjwa wengi alama hiyo hufutika ndani ya saa 10 hadi 12, na V4R safi ya jioni haikuhakikishii kitu kuhusu asubuhi.

Sasa kwa nini dawa zile zilimwangusha? Chumba cha kushoto husukuma tu damu iliyoletewa na chumba cha kulia kupitia mapafuni. Chumba cha kulia kikishajeruhiwa hakikazi vizuri. Damu hupita humo zaidi kwa msukumo wa ile iliyojaa nyuma yake. Ni kama tangi la maji lililo juu ya mnara, bomba lisilo na mota: maji yanatoka kwa sababu ya kimo tu. Nitrati hulegeza mishipa ya vena, damu ikatuama miguuni na tumboni. Lasiksi nayo hulegeza vena, kisha inamwaga maji kwenye mkojo. Kimo kinashuka, upande wa kushoto unakosa cha kusukuma, presha inaanguka. Ile shingo iliyovimba, ambayo wenzetu waliiona kama kosa la kurekebishwa, ndiyo iliyokuwa inambeba mzee. Mofini nayo ina tabia hiyo, basi itumie kwa dozi ndogo na kwa tahadhari.

Tulimlaza, tukamnyanyua miguu na kufungua maji ya chumvi ya asilimia 0.9, mililita 250 kwa haraka, kisha tukapima presha na kusikiliza mapafu tena kabla ya kuongeza. Baada ya mililita 500 alikuwa 94/60 na akaanza kuuliza ng'ombe wake wamefunguliwa na nani. Mapigo yalivyoshuka hadi 44 tulimpa atropini, kwa sababu mshipa huohuo kwa wengi ndio unaolisha njia ya umeme ya moyo, na chumba dhaifu kinategemea sana mapigo yaende kwa kasi ya kutosha.

Wengi wakishaelewa somo hili hukosea upande wa pili, wanamwaga dripu bila kikomo. Chumba cha kulia kikijaa kupita kiasi, ukuta wa kati hubonyea kushoto na kubana chumba cha kushoto, presha ikashuka tena. Mililita 500 hadi lita moja zisipoinua presha, au mapafu yakianza kutoa mlio wa maji, funga dripu na uhamie dobutamini au noradrenalini, kama unazo. Na tiba yenyewe ni kufungua mshipa. Streptokinesi ikiwepo na hakuna kizuizi, itumie, ukikumbuka kuwa nayo hushusha presha, hasa ikikimbizwa. Kupanuliwa mshipa kwa waya ni safari ya Dodoma au Dar es Salaam.

Mtu ataniambia mbona amewapa wengi kidonge kile na hawakuanguka. Kweli, si kila mmoja huanguka. Lakini angalia unachopoteza ukisubiri V4R: utafiti mkubwa wa ISIS-4 uliochapishwa mwaka 1995, wenye wagonjwa zaidi ya 58,000, haukuona nitrati za kawaida zikipunguza vifo. Kidonge hutuliza maumivu tu, na dakika tano za kuhamisha waya mmoja zinasubirika. Namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90, usikitoe kabisa.

Ndugu wa mgonjwa, nanyi: msimpe mzee kidonge cha jirani. Na baba aliyemeza dawa za nguvu za kiume, sildenafili ndani ya saa 24 au tadalafili ndani ya saa 48, aseme, maana zikikutana na nitrati presha huporomoka hata kama chumba cha kulia ni kizima. Mimi humtoa mke nje kwa kisingizio cha kwenda dirisha la dawa, ndipo nauliza.

Mzee alipewa rufaa siku iliyofuata. Juu ya barua, kwa herufi kubwa, tuliandika: V4R IMEPANDA, ASIPEWE NITRATI WALA LASIKSI NJIANI, na karatasi zote mbili za kipimo tukazibana pamoja nayo.